Mishale Sita ya Tshilombo

Fundi akizoea chuma, hata homa ya mtoto wake atataka kuipiga tupa. Ndivyo alivyokuwa Tshilombo, na nikimsema leo simsemi kwa ubaya, kwa maana mtu huyo nilimpenda. Lakini ukweli usemwe: kwa majuma manane alikizungusha kipande cha shaba mkononi akitafuta kosa, na kosa lilikuwa limekaa chini ya pua yake.

Alizaliwa Kasai, kwa baba mwindaji. Kabla hajamaliza miaka ishirini akapandishwa treni kuja Katanga kufanya kazi, kama wengi wa kwao. Kolwezi akakutana na atelier, yaani karakana, ya Musyu Verhaeghe, Mbelgiji wa Flandria aliyekuwa akirekebisha pampu za migodi kando ya barabara ya Mutoshi. Atelier yenyewe haikuwa kubwa: mashine za kuchonga mbili, majiliwa sita, mafundi kumi na wawili na kapita mmoja wa kuwasimamia, Kyungu. Tshilombo akaanza kwa kufagia, akamaliza kwenye jiliwa la kwanza, lile la karibu na dirisha, ambako hupewa mtu wa kazi nyembamba. Huko alioa, akapata batoto watatu, wa kwanza Valérie, na nyumba ya matofali iliyokuwa mali ya atelier. Kumbuka hilo la nyumba. Ukitoka kwenye kazi, unatoka kwenye nyumba, na treni inakungoja.

Musyu Verhaeghe alikuwa na wazimu mmoja tu, nao ni upinde. Kwao, alisema, wazee wana vyama vya kulenga shabaha tangu zamani za zamani, na kila Januari humwadhimisha Mtakatifu Sebastiano kwa mishale. Basi akaweka shabaha ya majani makavu yaliyosokotwa nyuma ya atelier, akaleta pinde kutoka Ulaya, akawafundisha mafundi wake Jumapili baada ya misa. Wengine walikuja kwa ajili ya bia. Tshilombo alikuja kwa sababu mkono wake ulikuwa umemkumbuka baba.

"Mushale haina akili," Musyu Verhaeghe aliwaambia kwa Kiswahili chake cha amri. "Weye rudia, yeye atarudia. Simama vilevile. Vuta vilevile. Mukono yako ifike palepale, kila mara palepale. Acha uzi vilevile. Basi."

Wengi walicheka. Tshilombo hakucheka. Hayo yalikuwa maneno ya jiliwa kabisa: ukitaka vipande ishirini vifanane, funga kila kimoja mahali pamoja. Akajifunza kuvuta uzi kwa vidole vitatu, mpaka ncha ya kidole cha shahada iguse chini ya mfupa wa shavu. Hapo ndipo palikuwa kituo chake. Mkono ukifika hapo, jicho linakuwa juu ya mshale kwa kimo kilekile, na mshale unaruka njia ileile. Akipeleka mshale kwenye majani, wa pili unaufuata, wa tatu unakaa katikati yao. Mwaka wa hamsini na tatu na wa hamsini na nne alimshinda kila mtu, hata Musyu mwenyewe mara moja. Kyungu, aliyekuwa wa pili siku zote, alimpongeza kwa mdomo tu.

Jambo moja hakumweleza mtu. Kila akivuta uzi mpaka mwisho, kabla ya kuachia, alinong'ona maneno mafupi ya Kiluba cha Kasai. Baba yake aliyasema porini mshale ukiwa umevutwa, na maana yake ni kumwomba babu atangulie mbele ya mshale. Tshilombo alikuwa Mukristu, mubatizwa, mwenye rozari msumarini. Lakini mtu hawezi kumfukuza baba yake kwenye upinde, sivyo?

Kisha, Oktoba ya mwaka wa hamsini na tano, pampu iliyokuwa imening'inia ikateleza. Hakuna aliyekosea, kamba ilikuwa imelowa na mvua ya kwanza. Mkono wa kulia wa Tshilombo ulikuwa chini. Alipoamka hospitalini, kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimebaki visiki. Kidole gumba kilikuwepo, cha pete na cha mwisho vilikuwepo. Daktari aliandika kwenye karatasi neno moja la Kifaransa: *inapte*. Hafai.

Musyu Verhaeghe hakuwa mtu mbaya. Alikuja kumwona, akakaa kwenye kiti cha chuma, akageuzageuza kofia yake.

"Tshilombo, daktari anasema mukono imekwisha. Mi sitaki kukudanganya. Mwisho wa Januari nitakupa feza yako na tiketi ya treni, mutarudi Kasai."

"Musyu, kule mi sina tena mutu. Batoto bote bamezaliwa huku."

"Najua."

"Na mukono haijakwisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Musyu aliutazama mkono ule uliofungwa vitambaa. Sijui kama alisema kwa huruma au kwa kuchoka kubishana. "Fundi wa jiliwa anahitaji mukono inayofanya kitu kimoja mara mbili bila tofauti. Siku ya Sebastiano nionyeshe. Mishale sita, mita thelathini, yote ndani ya duara ya sahani. Ukifanya, nitaenda mwenyewe kwa daktari, karatasi ibadilike."

Pengine alidhani ametoa faraja tu. Tshilombo alilichukua neno lile kama mkataba.

Vitambaa vilipotolewa, alijaribu kwanza kuvuta uzi kwa vidole viwili vilivyobaki. Aibu tupu. Kidole cha mwisho kilichelewa kuachia, uzi ukakwaruza ngozi na kujipinda pembeni, mishale ikaenda kushoto, ikaenda kulia, mmoja ukaingia kwenye bustani ya mihogo ya jirani. Kyungu alisimama akitazama, mikono nyuma.

"Ndugu," akasema, "mihogo ya mama Ngeleka ilikukosea nini?"

Tshilombo akakusanya mishale, akarudi nyumbani. Usishangae, mtu aliyeshika roho mkononi hana nafasi ya mzaha. Siku tatu alichora kwenye ukuta kwa makaa. Siku ya nne akamwomba mwenzake pale atelier amletee kipande cha shaba na springi ya kufuli kuukuu, akafunga jiliwa dogo kwenye meza ya jikoni, akaanza.

Alichotengeneza ni kifyatuo. Mpini wa shaba wa kujaza kiganja, uliopindwa kufuata mkono wake mwenyewe, ukishikwa na vile vidole viwili. Mshipi wa ngozi unazunguka kifundo cha mkono na kubeba uzito wote wa upinde, vidole visiumie. Mbele kuna ndoana ndogo inayoshika uzi. Ndoana inazuiwa na meno mawili ya chuma, na kidole gumba kikisukuma taratibu kimkono cha pembeni, meno yanaachana, ndoana inafunguka, uzi unaondoka. Hakuna kidole cha kuchelewa. Hakuna ngozi ya kukwaruza. Uzi unatoka kwa njia moja, leo na kesho na mtondogoo.

Mke wake, Mianda, alimwona akipiga tupa kwa kubana mpini wake kwapani na kuuongoza kwa vidole viwili. Mwanamke huyu hakuwa wa maneno mengi, lakini yale machache yalikuwa na chumvi, na mumewe alimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Tata Valérie, meza yangu sasa iko atelier. Tutakula shaba?"

"Vumilia kidogo, mama. Ni hii tu inatubakisha hapa."

"Basi piga. Mi nitapikia chini."

Mwishoni mwa Novemba akaenda uwanjani. Mshale wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Akasogea kutazama, na moyo ukamruka: kulia na kushoto hapakuwa na kosa hata la upana wa kidole. Mishale ilisimama kwenye mstari mmoja wima kana kwamba amepiga kamba ya mwashi. Lakini, jamani! Ilikuwa makundi mawili. Mitatu chini, ikigusana manyoya, ndani ya sahani. Mitatu juu, ikigusana vilevile, shibri nzima juu ya wenzao, nje ya sahani.

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu mwingine angejiuliza, mimi nafanya nini mara hii nisichofanya mara ile? Tshilombo aliuliza: chuma kina nini? Alikuwa na hakika kuwa meno ya kifyatuo hayaachani sawasawa. Akayapiga tupa, akayasugua kwa jiwe la mafuta, akayapima kwa kile kipimo cha mafundi kinachosoma sehemu ya kumi ya milimita. Akabadili springi. Akarudi uwanjani: makundi mawili. Akafupisha mshipi. Makundi mawili. Akatia mafuta mengine, akalaumu mvua, akakausha uzi wa upinde na kuupaka nta upya. Makundi mawili, yale yale, kama nyumba mbili za majirani waliogombana.

Alijua hesabu ya jambo lenyewe vizuri kuliko mtu yeyote pale. Mshale una urefu wa sentimita sabini. Shabaha iko mita thelathini. Ukishusha mkia wa mshale kwa milimita moja pale usoni, ncha inainuka, na kwenye majani kosa limekuwa milimita arobaini na zaidi. Shibri moja juu, basi, ni milimita tano tu usoni. Nusu ya sentimita! Aliitafuta nusu hiyo ya sentimita kwenye shaba mpaka shaba ikang'aa kama kikombe cha misa.

Na kuna kitu kilimchanganya zaidi. Akipiga mishale mingi mpaka achoke, ile ya mwisho yote iliingia chini, mahali pake. Ya kwanza ndiyo iliyokwenda juu. Akaamua kuwa chuma kinahitaji kupata joto. Akawa anakiweka kwapani dakika kumi kabla ya kuanza. Mianda alimwona hivyo mlangoni, akatikisa kichwa, akaenda zake sokoni.

Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukapita. Mianda alianza kukunja nguo za batoto na kuzitia kwenye sanduku, moja moja. Tshilombo aliona, na kila nguo iliyoingia ilimchoma.

Siku ya Sebastiano, iliyosogezwa mpaka Jumapili, mvua ilikatika asubuhi. Mafundi walikuja na wake zao, bia ikapangwa kwenye benchi, Musyu Verhaeghe akavaa tai. Alitundika sahani ya bati kwenye shabaha, akachora duara kuizunguka kwa chaki, kisha akaitoa. Kyungu alipewa kazi ya kutangaza mshale unapoingia.

Tshilombo akasimama kwenye mstari. Akapanga miguu vilevile, akafunga ndoana kwenye uzi, akavuta. Mkono ukafika kituoni: si shavuni tena kama zamani, kwa maana mpini wa shaba ulikuwa umeusukuma chini. Kisiki cha kidole cha shahada sasa kilikaa chini ya mfupa wa taya, nusu ya njia kati ya kidevu na sikio. Akalenga. Akanong'ona. Kidole gumba kikasukuma.

"Nje, juu," akatangaza Kyungu.

Wa pili. Alinong'ona kwa nguvu zaidi, kwa sababu sasa alimhitaji babu kweli.

"Nje, juu."

Wa tatu akanong'ona maneno yote, polepole, bila kuruka hata moja.

"Nje, juu," akasema Kyungu, na safari hii sauti yake haikuwa na furaha. Mishale mitatu nje kati ya sita, hata ukipiga mingine yote katikati, mkataba umekwisha. Tshilombo akashusha upinde. Akakigeuza kifyatuo, akakitazama meno, akatoa kitupa kidogo mfukoni.

Watu wote siku ile walikuwa wanatazama shabaha, kama ilivyo desturi ya watu. Mianda peke yake hakuitazama. Alikuwa amesimama ubavuni, na siku zile zote, hata nyumbani mumewe akijaribu uzi mtupu uani, alikuwa akimtazama usoni, kwa kuwa uso ule ndio uliokuwa unamuumiza. Akasogea mpaka kwenye mstari, jambo ambalo mwanamke hakufanya mbele ya Wazungu.

"Tata Valérie. Acha ile tupa."

"Mama, rudi kule."

"Weye uko nasema nini pale unavuta?"

Akautazama upinde. Halafu akajibu chini chini, "Ni maneno ya baba."

"Ukisema, kinywa inashuka. Kinywa ikishuka, mukono inashuka nayo. Ndiyo pale unaiweka, juu ya mufupa wa kinywa. Mi naona kila siku. Nilizania unajua. Ukichoka hausemi tena, na inaingia."

Mtu mzima akasimama pale, kitupa mkononi. Mfupa wa shavu haujongei; ni mali ya kichwa, ndiyo maana zamani alinong'ona miaka na miaka bila hasara. Taya linajongea. Alikuwa amekifunga kituo chake kwenye kitu chenye bawaba. Fundi wa jiliwa la kwanza, mtu wa sehemu ya kumi ya milimita, amefunga kazi yake kwenye mlango! Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na Tshilombo alitamani ardhi impasukie.

"Nimebaki na mishale tatu," akamwambia mkewe. "Haina maana tena."

"Piga tu. Sema maneno sasa, mbele ya kuvuta. Baba yako ni muzee, hawezi kushindwa kungoja kidogo."

Akasema. Akayasema kwa sauti, mbele ya watu, upinde ukiwa bado chini, na Wakristu wenzake wakatazamana. Kisha akakaza meno, juu kwa chini, akavuta mpaka kisiki kikalala kwenye taya lililofungwa. Kidole gumba kikasukuma.

"Ndani."

"Ndani."

Wa sita Kyungu hakuutangaza mara moja. Alikwenda mpaka karibu na shabaha, akainama, akarudi hatua mbili. "Ndani," akasema, "na umegonga mkia wa ule mwingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Tatu ndani, tatu nje. Mtoto anaweza kuhesabu. Tshilombo akafungua mshipi wa ngozi, akakiweka kifyatuo kwenye benchi kando ya chupa za bia, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia Valérie kuhusu treni. Alikuwa na hasira, lakini si kwa mtu yeyote. Majuma manane alikuwa amekitesa kipande cha chuma kisicho na kosa, na mwanamke aliyejua jibu alikuwa anapika sakafuni, futi tatu kutoka kwake, na yeye hakumwuliza hata mara moja.

Musyu Verhaeghe alikuwa ameenda kwenye shabaha peke yake. Alikaa huko muda mrefu. Akaweka kiganja juu ya mishale mitatu ya juu, kikaifunika yote. Akashusha kiganja kwenye mitatu ya chini, kikaifunika yote. Akapitisha kidole wima, toka juu hadi chini, kisha akatoa kipimo chake mfukoni, kwa kuwa na yeye alikuwa fundi, akapima upana. Akarudi, akakiokota kifyatuo. Akasukuma kimkono kwa gumba, ndoana ikafunguka. Akakifunga, akakifungua tena, mara kumi hivi, sikio limeinama.

"Hii nani amepiga tupa?"

"Mi, Musyu."

"Na mukono gani?"

"Hii. Sina ingine ya kulia."

Kyungu akakohoa. "Musyu, masharti yalikuwa sita ndani ya sahani," akasema, na lazima nimtendee haki: alisema kama mtu anayetaka ajibiwe.

"Masharti yalikuwa mukono," akasema Musyu Verhaeghe. "Mi niliomba mukono inayorudia. Angalia kule. Kulia na kushoto, milimita kumi na mbili kwa mishale sita. Pale mukono iliwekwa juu, ilirudia mara tatu. Pale iliwekwa chini, ilirudia mara tatu. Kinywa ndiyo ilikosa. Kwa jiliwa yangu sihitaji kinywa."

Akaandika barua kwa daktari palepale, amesimama, karatasi juu ya pipa. Tshilombo akaipokea, lakini macho yalikuwa yamejaa, herufi zikaogelea. Akampa Mianda, aliyejifunza kusoma Kifaransa kidogo kwa masista. Mianda akafuata mstari kwa kidole, polepole, midomo yake ikicheza, akapita salamu, akapita tarehe, mpaka akalifikia neno.

"*Apte*," akasoma. "Anafaa."

"Soma tena," akasema Tshilombo.

Akasoma tena. Kisha akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akamwambia mumewe kuwa anatangulia nyumbani, kwa sababu nguo za shule za Valérie ziko chini kabisa ya sanduku, na kesho ni Jumatatu.